Mji wa Herufi R

Katika mkoa wa Albay, kusini-mashariki mwa kisiwa cha Luzon huko Ufilipino, upo mji unaoitwa Oas. Wenyeji wake wa asili, yaani wale ambao wazee wao walikuwa hapo tangu katikati ya karne ya 19, wana jambo moja linalomshangaza mgeni: majina yao ya ukoo huanza na R. Mkulima ni R, mwenye duka ni R, padri aliyezaliwa hapo ni R, na ukienda makaburini utawakuta R wengine wamelala. Usidhani wametoka kwa babu mmoja. Wengi wao hawana udugu wowote. Kilichotokea ni kwamba mwaka 1849 serikali ya kikoloni ya Uhispania ilitoa kitabu cha majina ili kila familia ichukue lake, kurasa za kitabu hicho zikagawiwa miji, na Oas ikaangukiwa na kurasa za R.

Serikali nyingi zimewahi kuwalazimisha raia wao wawe na jina la ukoo lisilobadilika. Japani ilifanya hivyo mwaka 1875, Siam mwaka 1913, Uturuki mwaka 1934. Kila nchi ina vituko vyake. Lakini mimi hurudi kila mara Ufilipino, kwa kuwa kule kazi ya msajili iliacha alama ambayo bado inasomeka kwenye ramani. Tena ni kisa ambacho watu hukisoma vibaya. Mtu akisikia Mfilipino anaitwa Toledo au Zaragoza, anakisia damu ya Kihispania. Wafilipino wenyewe wapo wanaojivunia jina hilo hivyo hivyo. Msimamo wangu ni kwamba jina la aina hiyo halikwambii lolote kuhusu damu. Linakwambia babu yako alikuwa wa kijiji gani, na ukurasa gani ulikuwa mezani siku alipoitwa.

Sisi wasomaji wa Kiswahili tuna sababu ya kukielewa kisa hiki upesi kuliko Mzungu. Mimi ninatumia majina matatu: langu, la baba na la babu. Mwanangu anatumia lake, langu na la baba yangu. Kwa hiyo "jina la mwisho" lake ni jina la kati kwangu, na la mwisho langu halimo kabisa katika yake. Kwetu nyumbani hakuna anayepotea. Ila nilipompeleka kuomba viza katika ubalozi mmoja, karani aliangalia pasi mbili, akarudi kuziangalia, kisha akaniuliza kwa upole kama nina hati ya kuonyesha kwamba huyu mtoto ni wangu. Fomu yake ilitaka jina linaloshuka kutoka kwa baba kwenda kwa mwana bila kubadilika, na sisi wawili hatukuwa nalo. Malalamiko ya karani yule ndiyo yale yale ya Gavana Mkuu wa Ufilipino zaidi ya miaka 170 iliyopita.

Gavana huyo aliitwa Narciso Clavería. Alitawala tangu 1844 hadi mwishoni mwa 1849, na alikuwa mtu asiyevumilia hesabu isiyokaa sawa. Mwaka wake wa kwanza tu alirekebisha kalenda. Ufilipino ilikuwa imepokea tarehe zake kutoka Meksiko, kwa meli zilizovuka Pasifiki zikienda magharibi, hivyo ilikuwa nyuma kwa siku moja ukilinganisha na majirani zake wa Asia. Clavería akaifuta siku. Watu walilala Jumatatu tarehe 30 Desemba 1844, wakaamka Jumatano tarehe 1 Januari 1845. Jumanne tarehe 31 haikuwahi kuwapo. Anayeweza kufuta siku nzima kwa waraka hawezi kuona taabu kuwapa watu majina.

Alipozunguka mikoani aliona kwamba wenyeji wengi hawakuwa na jina la ukoo kwa maana aliyoijua yeye. Kabla ya Uhispania, Watagalogi na jirani zao walikuwa na jina moja tu, na mtu akishapata mtoto aliweza kuitwa kwa jina la mtoto: "ama ni fulani", yaani baba fulani. Msomaji wangu anayeitwa Mama Asha mtaani kwake hahitaji maelezo zaidi. Ukristo ulipoingia, kila abatizwaye alipata jina la mtakatifu, na mara nyingi akaongezewa jina la ibada kama Santos, Reyes au de la Cruz, "wa Msalaba". Hili jina la pili halikuwa la familia. Baba aliweza kuwa Francisco de San Juan, mwanawe wa kwanza José de la Cruz, na binti yake María de los Santos, wote chini ya paa moja, wakila chungu kimoja. Katika kijiji kinachofahamiana hilo halina madhara. Katika daftari lililoko Manila, maelfu ya watu wanakuwa mtu mmoja.

Clavería aliandika wazi kilichomsumbua. Alitaja mahakama, fedha na usalama: huwezi kumshitaki, kumtoza wala kumkamata mtu ambaye jina lake linabebwa na mia wengine. Akataja pia jambo la kanisa ambalo mara nyingi husahauliwa. Wakati ule Kanisa Katoliki lilikataza ndoa za jamaa hadi daraja la nne la udugu. Padri anapoletewa wachumba wawili anatakiwa apande na vitabu vya ubatizo hadi kwa mababu, aone kama matawi yanakutana. Iwapo jina halishuki kutoka kwa baba kwenda kwa mtoto, vitabu vile havimsaidii. Nalitaja hili kwa sababu ni rahisi kusema kwamba yote yalikuwa kodi. Kodi ilikuwamo, na kubwa. Lakini mapadri nao walikuwa na shida ya kweli na madaftari yao, na bila wao waraka wa gavana usingefika hata kijiji kimoja, maana katika sehemu nyingi padri ndiye alikuwa Mhispania pekee aliyekuwapo.

Waraka ulitoka tarehe 21 Novemba 1849. Uliambatana na katalogi ya majina, iliyotayarishwa kwa msaada wa wakuu wa mashirika ya watawa. Ina kurasa 141 zenye majina yapatayo 60,000. Humo mna majina ya ukoo ya Kihispania, mna miji, milima, miti, mimea, madini, ufundi na maneno mengi ya lugha za wenyeji. Yote yamepangwa kwa alfabeti, na mpangilio huo ndio ulioamua kila kitu kilichofuata.

Sasa twende hatua kwa hatua. Nakala za katalogi zilitumwa kwa wakuu wa mikoa. Mkuu wa mkoa alitakiwa akipe kila mji idadi ya majina inayolingana na wakazi wake. Kurasa za mji zikafika kwa padri wa parokia, naye akazigawa kwa barangai. Barangai ilikuwa kundi la familia kama 40 hadi 50 chini ya kiongozi wa kienyeji ambaye kazi yake kuu ilikuwa kukusanya kodi ya watu wake na kutafuta wa kwenda shokoa. Ukitaka kupata picha ya mtu huyo, mfikirie jumbe wa enzi za Wajerumani kwetu: yuko kati, juu anaogopa, chini anaogopwa. Yeye ndiye aliyewaleta watu wake mbele ya padri na wakubwa wengine wa mji. Katika kila familia, baba au mzee kuliko wote alichagua jina kutoka ukurasani, au akapewa moja, na kuanzia hapo likawa lake na la wazao wake wote.

"Alichagua au akapewa." Waraka unayaweka maneno hayo mawili sambamba kana kwamba ni kitu kimoja. Mkulima asiyejua kusoma, amesimamishwa mbele ya ukurasa wenye mamia ya maneno ambayo nusu yake ni lugha ya kigeni, anachaguaje? Anasomewa machache, anasikia moja linalotamkika, anaitikia. Au hasikii lolote la maana, na kalamu inaandika.

Hapa hesabu ndogo inatosha kueleza miji ya herufi moja. Gawanya majina 60,000 kwa kurasa 141, kila ukurasa unabeba zaidi ya majina 400. Barangai yenye familia 45 haimalizi hata sehemu ya nane ya ukurasa. Mji wenye familia 1,500, kila moja ikipata jina lake, unahitaji kurasa nne tu. Na kurasa nne zinazofuatana katika kitabu kilichopangwa kwa alfabeti, mara nyingi ni za herufi ile ile. Hapakuhitajika mtu kuamua kwamba Oas iwe ya R. Ilitosha karani wa mkoa kushika kitabu, kuanza na ukurasa wa kwanza kwa mji wa kwanza, na kuendelea kugawa. Pale ambapo kurasa za herufi tofauti zilifika mji mmoja, mgawanyo ulionekana ndani ya mji wenyewe: Miagao, katika mkoa wa Iloilo, unajulikana kwa majina ya F, M na N.

Albay ndiko mtu anapoweza kumfuata karani kwa miguu. Zamani hizo mkoa huo ulikuwa mkubwa, pamoja na Sorsogon na kisiwa cha Catanduanes. Makao makuu ya mkoa yalipata A. B na C zikafuata pwani hadi Tiwi. Kisha msafara ukageuka ukashuka pwani ya Sorsogon kwa E hadi L. Ukaingia bara kuanzia Daraga kwa M, ukapita Oas kwa R, na kuishia na S pande za Polangui na Libon. Herufi zilizobaki zikavushwa bahari hadi Catanduanes. Nilipoiona mara ya kwanza ramani ya mfuatano huo nilicheka, kwa sababu ni kazi ya mtu mvivu iliyofanywa kwa uangalifu mkubwa. Baadaye nikaona kwamba uvivu ule ulikuwa na faida kwa serikali, iwe ilikusudia au la. Mtu akikimbia kodi Oas akahamia Daraga, jina lake linamsema kabla hajafungua mdomo: hapa ni kwa M, wewe R umetoka wapi?

Waraka wenyewe ulijitahidi kuziba mianya, na mianya yenyewe inaonyesha kwamba mwandishi wake aliwajua watu. Familia iliyoweza kuthibitisha kwamba imetumia jina lake kwa vizazi vinne iliruhusiwa kulibakiza, hata likiwa jina la mtakatifu. Ila ruhusa hiyo haikuwahusu akina de la Cruz na de los Santos, kwa kuwa walikuwa wengi mno na kuwaacha kungerudisha mkanganyiko ule ule. Majina kama Lakandola na Tupas, ya koo za watawala wa kale, hayakutakiwa kugawiwa ovyo. Sababu ni ya kifedha: wazao wa koo hizo walikuwa na upendeleo waliopewa na Uhispania, na ukimgawia mkulima jina la Lakandola, kesho atakuja na daftari lako mwenyewe kudai msamaha wa kodi.

Yatima alipewa jina la ndugu wa baba yake, na wasipokuwapo, la jamaa wa mama. Mtoto asiye na baba anayejulikana alichukua jina la mama. Mama naye asipojulikana, alipewa la mlezi au la msimamizi wake wa ubatizo, na msimamizi akikataa, la padri. Nadhani katika waraka mzima hakuna sentensi yenye harufu ya maisha kama hiyo. Mtu aliyeiandika alijua kwamba wapo wasimamizi watakaokataa, na alijua minong'ono itakayozuka mtoto akipewa jina la padri.

Kisha inakuja sehemu ya walimu. Kila mwalimu alitakiwa awe na daftari la wanafunzi wake kwa jina na jina la ukoo, na ihakikishwe kwamba watoto hawaitani wala kujuana kwa jina lingine isipokuwa lile la daftarini. Mzee wa miaka 60 unaweza kumpa jina jipya na akaendelea kuitikia la zamani hadi kufa. Mtoto wa miaka saba anaitwa nalo kila asubuhi, anarudi nalo nyumbani. Na kwa mtu mzima atakayebadilisha jina aliloandikishwa, adhabu ilikuwa kifungo kisichopungua siku nane au faini inayolingana nacho.

Clavería hakukaa kuona matokeo. Aliondoka Ufilipino Desemba ile ile, mwezi mmoja baada ya kutia saini, na akafariki mwaka 1851. Utekelezaji uliachwa mikononi mwa wakuu wa mikoa na mapadri, kila mmoja kwa bidii yake. Ndiyo maana matokeo yana mabaka. Maeneo ambayo Uhispania haikuyashika barabara, yaani milima ya kaskazini mwa Luzon na nchi za Waislamu wa Mindanao na Sulu, hayakuguswa. Katika nchi ya Watagalogi yamebaki majina ya kale kama Gatmaitan na Gatdula, ambayo "gat" yake ni cheo cha bwana. Sehemu nyingine hakuna herufi ya mji kabisa. Kwa hiyo anayeniambia kwamba Wafilipino wote walipewa majina na Wahispania, namwambia apunguze. Walipewa pale padri alipokuwa na nguvu, alipokuwa na kurasa, na alipokuwa na moyo wa kuifanya kazi.

Sasa mtu anayetafuta ukoo wake leo anakutana na nini? Tuseme babu mkubwa ameandikwa katika kitabu cha ubatizo cha mwaka 1860, akileta mtoto, kama Mariano Ricafort, mkewe Juana Relos, wa mji wa herufi R. Majina haya nimeyatunga kwa mfano tu. Mjukuu anafungua vitabu vya ubatizo, anapanda miaka: 1858 Ricafort wapo, 1855 wapo, 1851 wapo. Anafika 1848, hakuna hata mmoja. Asiyejua historia atasema ukoo wetu ulihamia hapa mwaka 1850, na ataanza kuusaka mikoa mingine, au mbaya zaidi, Uhispania. Anayejua atafahamu kwamba amefika ukutani ambako jina linaishia na watu wanaendelea.

Kuanzia hapo jina la ukoo linawekwa kando. Anachofuata ni jozi: Mariano na Juana, mume na mke. Anatafuta watoto waliobatizwa na wazazi wenye majina hayo mawili ya kwanza, katika barangai ile ile, kabla ya 1850. Akipata mtoto Tomás aliyebatizwa 1846, wazazi wakiwa Mariano de la Cruz na Juana de los Reyes, chini ya kiongozi wa barangai yule yule, hapo ana fununu. Anaangalia msimamizi wa ubatizo: je, mtu huyo anaonekana tena kwa watoto waliozaliwa baada ya 1850? Halafu anaushuka upande wa pili: je, yupo Tomás Ricafort aliyeoa miaka ya 1860 na 1870, ambaye umri wake na majina ya wazazi wake yanalingana? Zikikaa pamoja hizo tatu, jozi, barangai na umri, anaweza kuvuka. Ikiwa imekaa moja tu, asivuke. Mariano na Juana walikuwa wengi kama akina Juma na Mwanaisha wa kwetu.

Kuna mtego mwingine ambao huwauma hata wazoefu. Ndugu wawili wa tumbo moja waliokuwa wakiishi miji miwili siku ya ugawaji walipata majina mawili, kila mmoja kwa herufi ya mji wake, na wajukuu wao leo hawajui kwamba ni ndugu. Upande wa pili, watu wa jina moja katika mji mmoja huenda ni ukoo mmoja, au huenda ni familia mbili zilizoangukia mstari mmoja wa ukurasa, maana hakuna aliyepita na penseli akikata kila jina lililokwisha chukuliwa mkoa mzima. Waraka uliotolewa ili padri aweze kuona udugu ulikata udugu uliokuwapo na kutengeneza ambao haukuwapo. Kwa kizazi kilichofuata daftari lilikuwa safi. Kwa kizazi kilichotangulia lilikuwa limefungwa.

Haikosi mtu atauliza: kwani watu walikubali tu? Nyaraka haziongei kwa sauti ya mkulima, lakini familia moja maarufu imetuachia dokezo. Mmoja wa mababu wa kuumeni wa José Rizal, shujaa wa taifa la Ufilipino, alikuwa Mchina aliyeitwa Domingo Lam-co, na mwaka 1731 akajichukulia jina la Mercado, yaani soko, kwa kuwa alikuwa mfanyabiashara. Waraka wa Clavería ulipofika, baba yake José alipewa jina Rizal na mkuu wa mkoa aliyekuwa rafiki wa familia. Asili yake ni neno la Kihispania la shamba linalochipua tena kijani. Familia ilifanya nini? Iliendelea kuitwa Mercado. Kwa miaka zaidi ya 20 Rizal lilikaa kando kama nguo ya wageni.

Lilikuja kuvaliwa kwa sababu nyingine kabisa. Kaka mkubwa, Paciano Mercado, alikuwa karibu na padri José Burgos, ambaye Wahispania walimnyonga mwaka 1872 kwa tuhuma za uasi. Jina Mercado likawa hatari. José alipopelekwa shule Manila mwaka huo aliandikishwa kama Rizal, ili asihusishwe na kaka yake. Baadaye alimweleza rafiki yake wa Ulaya kwamba yeye peke yake ndiye aliyetumia jina lile, na wengine nyumbani walikuwa Mercado, akaonekana kama mwana wa nje ya ndoa. Kifaa kilichotengenezwa ili mtu asijifiche ndicho kilichomficha. Hadi Wahispania walipompiga risasi tarehe 30 Desemba 1896, Rizal lilikuwa jina linalotisha zaidi ya Mercado.

Na vipi kuhusu lengo lenyewe la kupunguza akina de la Cruz? Mwanzoni mwa karne ya 20, Waamerika wakiwa wameshachukua nchi, mwandishi wa habari Mskoti aitwaye Robert McCulloch Dick alifanya kazi Manila. Alipopitia kumbukumbu za polisi na mahakama aliona jina moja likijirudia kuliko yote, mshitakiwa baada ya mshitakiwa: Juan de la Cruz. Akaanza kulitumia gazetini kumaanisha Mfilipino wa kawaida, mlipa kodi asiye na cheo, na katuni zikamchora hivyo. Hadi leo magazeti ya Manila yakitaka kumtaja mwananchi yeyote yule huandika Juan dela Cruz, na dela Cruz ndilo jina la ukoo lenye watu wengi kuliko yote nchini humo.